Tanzaniti au Kioo? Glasi ya Maji Ina Jibu

Mwezi Juni 2020, mchimbaji mdogo wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzaniti kwa shilingi bilioni 7.7. Kubwa lilikuwa na kilo 9.27, dogo kilo 5.10. Magazeti yalijaa habari za pesa, na si ajabu. Lakini kuna swali jingine ambalo mwanafunzi wa sekondari angeweza kulijibu bila hata kuliona jiwe lenyewe: lile la kilo 9.27 likizamishwa kwenye ndoo iliyojaa pomoni, litamwaga maji kiasi gani?

Jibu ni lita 2.8 hivi, kama jiwe lote ni tanzaniti tupu. Na mtu akilining'iniza kwa kamba ndani ya maji hayo, mkono wake utahisi kilo 6.5 tu. Kilo 2.8 zitakuwa zimebebwa na maji.

Hesabu hiyo inatoka kwenye namba moja, 3.35. Hiyo ndiyo densiti ya tanzaniti: kila sentimita ya ujazo ina uzito wa gramu 3.35, yaani mara tatu na theluthi ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Iwe punje au donge la kilo tisa, namba haibadiliki. Kioo cha kawaida cha buluu, ambacho machoni huweza kufanana nayo kabisa, kina 2.5 tu. Safaya ina 4.0. Ayolaiti, jiwe jingine la buluu inayokaribia zambarau, ina 2.6. Jicho linaweza kudanganywa na rangi, ila namba hizi zimeachana vya kutosha kuonekana hata kwenye mizani ya bei nafuu.

Kupata uzito wa jiwe si kazi. Shida ni ujazo wake. Tofali hupimwa kwa rula, lakini jiwe ghafi lina mabonde, pembe na mikunjo ambayo hakuna rula inayoiweza. Hapo ndipo maji yanapoitwa kusaidia.

Aliyewahi kuteka maji kisimani anaijua kanuni hii mikononi. Ndoo iliyojaa, ikiwa bado imezama, hupanda kwa wepesi. Mara tu inapochomoza juu ya maji, kamba inakatika viganja. Ndoo haikuongezeka uzito, ila imempoteza msaidizi. Maji hukisukuma juu kila kitu kilichozama ndani yake, kwa nguvu iliyo sawasawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyahamisha. Jiwe linalochukua nafasi ya gramu mbili za maji litapunguziwa gramu mbili, liwe refu, la duara au lenye umbo lisilo na jina.

Kanuni hiyo ni ya Akimedi wa Sirakusa, aliyeishi karne ya tatu kabla ya Kristo. Watu wengi wanakumbuka kisa cha taji la mfalme na beseni lililofurika, kisa kilichoandikwa na Vitruvio, Mrumi aliyeishi takriban miaka mia mbili baadaye. Kisa ni kitamu, njia yake ni mbovu. Mwaka 1586 Galileo, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika kijitabu kifupi akieleza kwamba kukinga maji yaliyomwagika hakuwezi kutoa jibu makini, na kwamba kazi hiyo inahitaji mizani ndani ya maji. Alikuwa sahihi. Maji hung'ang'ania ukingo wa chombo, na tone moja lina takriban gramu 0.05. Kwa jiwe dogo, matone mawili yaliyobaki ukingoni yanatosha kuharibu hesabu nzima.

Tuchukue jiwe moja la buluu, ghafi, ukubwa wa harage kubwa, na mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama zile za masonara.

Kwanza jiwe linapimwa likiwa kavu. Mizani inasema gramu 7.42. Kisha jiwe linaondolewa, na glasi yenye maji safi, nusu yake au zaidi kidogo, inawekwa juu ya mizani. Kitufe kilichoandikwa TARE kinabonyezwa, na mizani inarudi kwenye sifuri huku glasi ikiwa bado juu yake. Sasa jiwe linafungwa kwa uzi mwembamba wa nailoni, wa kuvulia samaki, na kuteremshwa taratibu hadi lizame lote. Lisiguse chini wala ubavuni. Likae linaning'inia, na uzi ushikwe na kitu kisichotikisika, mathalani mwiko uliolazwa juu ya vitabu viwili vilivyosimamishwa kando ya mizani.

Mizani inasoma gramu 2.22.

Msomaji anaweza kushangaa: jiwe limeshikwa na uzi, haliigusi glasi, mizani imepata wapi uzito? Imeupata kwenye maji. Maji yanapolisukuma jiwe juu, jiwe nalo linayasukuma maji chini kwa nguvu ileile, na maji yanaikandamiza glasi. Uzito haukupotea. Umegawanywa: uzi unabeba gramu 5.20, glasi inabeba 2.22, na jumla ni 7.42 kama mwanzo. Ile 5.20 ndiyo uzito wa jiwe majini, ambao vitabu vya shule huutafuta kwa mizani ya kuning'iniza. Njia ya glasi inaruka hatua hiyo na kumpa mpimaji moja kwa moja kile anachokitaka, uzito wa maji yaliyohamishwa. Kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, jiwe hili lina ujazo wa sentimita 2.22.

Linalobaki ni kugawanya: 7.42 ÷ 2.22 = 3.34. Mwenye uzito wa hewani na wa majini atatumia njia ndefu kidogo, 7.42 ÷ (7.42 − 5.20), na atafika palepale. Mizani ikikosea kwa gramu 0.01 huku au kule, jibu litacheza kati ya 3.33 na 3.36. Kingekuwa kioo cha kawaida cha uzito huo, glasi ingesoma karibu 2.97. Ingekuwa safaya, ingesoma 1.86.

Joto la maji husumbua watu bure. Maji ya nyuzi 30 za Dar es Salaam ni mepesi kidogo kuliko ya baridi, lakini yanalihamisha jibu kutoka 3.34 hadi 3.36 tu. Maji ya chumvi ni jambo jingine: ya bahari yangeshusha jibu hadi 3.26, kwa hiyo yaachwe baharini.

Adui wa kweli ni kiputo cha hewa. Jiwe ghafi lina nyufa, na kiputo cha milimita nne kikijibanza ndani yake huhamisha maji kama sehemu ya jiwe. Mizani itasoma 2.25 badala ya 2.22, na jibu litashuka hadi 3.30. Dawa yake ni kulilowesha jiwe kwanza, kulisugua kwa mswaki laini ndani ya maji, na kutia tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili maji yapenye nyufani. Uzi mnene nao ni kosa la aina hiyohiyo. Kamba ya milimita moja iliyozama sentimita tano huongeza karibu gramu 0.04.

Kosa kubwa kuliko yote ni jiwe kugusa chini. Glasi ikianza kubeba hata kidogo uzito wa jiwe lenyewe, namba hupanda ovyo. Ikifika 3.00, hesabu itatoa 2.47, na tanzaniti halali itakuwa imehukumiwa kuwa kioo. Dalili yake ni rahisi kuiona: uzi ukiinuliwa kidogo sana, namba inabadilika. Jiwe linaloning'inia sawasawa halibadilishi namba likipandishwa au kushushwa kidogo, mradi limebaki limezama.

Ajabu ni kwamba makosa yote hayo, kiputo, uzi mnene na kugusa chini, huvuta jibu upande mmoja, chini. Mpimaji mzembe ana hatari zaidi ya kukikataa kito halali kuliko kupokea kioo cha kawaida. Ili kioo hicho cha gramu 7.42 kisome kama tanzaniti, robo yake ingepaswa kuwa nje ya maji, na hilo lingeonekana na kila aliye mezani. Kwa hiyo jibu likitoka dogo, jiwe lipimwe tena mara mbili au tatu kabla ya kumwita muuzaji tapeli.

Mawe mengine hayapimiki hivi hata kwa mkono stadi. Kipande cha jiwe la matumbawe, kama yale ya kuta za zamani za Lamu na Zanzibar, hunywa maji, na namba hubadilika huku mpimaji akiitazama. Tanzaniti yenyewe huchimbwa kwenye miamba yenye grafiti nyeusi, ambayo densiti yake ni 2.2 hivi. Donge likiwa bado limekumbatiwa na grafiti, jibu litakuwa la mchanganyiko wa vitu viwili, si la kito.

Udogo pia una mpaka wake. Jiwe la karati moja ni gramu 0.20, nalo likiwa tanzaniti litahamisha gramu 0.06 tu za maji. Mizani ileile ikisoma 0.05, jibu ni 4.0, safaya. Ikisoma 0.08, ni kioo. Hapo inahitajika mizani inayosoma hadi gramu 0.001 au zaidi, na ndiyo sababu mawe madogo hupelekwa maabara.

Kuna pia maswali ambayo maji hayawezi kuyajibu. Safaya iliyotengenezwa kiwandani ina densiti ya 4.0 sawa na iliyochimbwa ardhini. Kioo kilichochanganywa na risasi kinaweza kutengenezwa kifikie hata 3.35. Tanzaniti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia kisha zikachomwa hadi zikawa za buluu, na mizani haioni tofauti. Namba ikikataa, jiwe si tanzaniti. Namba ikikubali, jiwe bado halijathibitishwa, na mwenye pesa nyingi mezani ataenda kwa mtaalamu wa vito.

Anayetaka kujaribu aanze na jiwe la kwazi, lile jeupe linalookotwa karibu kila mahali, lisilo na nyufa nyingi na lenye gramu kumi au zaidi. Densiti yake ni 2.65. Likitoka kati ya 2.6 na 2.7, mkono umekaa sawa. Likitoka 2.4 au 2.9, akague uzi, glasi na mizani, na tanzaniti isubiri.