Kukagua kipeo kwa mchoro wa mkono

Chukua y = 2x² − 12x + 13. Ukikamilisha mraba, unatoa 2 nje kwanza: 2(x² − 6x) + 13. Nusu ya 6 ni 3, na mraba wake ni 9. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaondoa 9 kwenye 13 na kupata 2(x − 3)² + 4. Ile 9 imo ndani ya mabano yanayozidishwa kwa 2, kwa hiyo kinachoondolewa ni 18. Jibu ni 2(x − 3)² − 5, na kipeo ni (3, −5).

Mchoro wa penseli kando ya hesabu hufichua kosa hilo mapema. Mlinganyo wa awali unakata mhimili wa y kwenye 13. Weka x = 0 katika jibu lenye +4, utapata 22, na mkunjo hautapita pale ulipotia alama.

Lakini usiishie hapo. Aliyekosea ishara akaandika 2(x + 3)² − 5 naye atapata 13, kwa kuwa mraba wa 3 na wa −3 ni sawa. Kinachombana ni nukta ya pili: kwenye mlinganyo wa awali, x = 1 inaleta 3. Mkunjo unashuka kutoka 13 ukielekea kulia, basi kipeo hakiwezi kuwa kushoto. Tena x = 5 nayo inaleta 3, na katikati ya 1 na 5 ni 3.