Kapasita na Umeme Usiokoboa Mpunga

Kinu cha mpunga kinaweza kuwa na mota zinazovuta kW 100 na bado kikatozwa kwa kVA 143. Mita haijakosea. Wateja wakubwa wa TANESCO, kama wenzao wa Kenya Power, hulipia uniti walizotumia na pia kilele cha kVA kilichofikiwa ndani ya mwezi.

Tofauti hiyo inatokana na sumaku. Mota haizunguki bila koili zake kujenga usumaku, na kwa umeme wa Hz 50 usumaku huo katika kila fezi hujengwa na kubomoka mara 100 kwa sekunde. Kila unapobomoka, nishati yake hurudi kwenye nyaya. Umeme huu wa kwenda na kurudi hupimwa kwa kVAr. Haukoboi hata punje moja, lakini unapasha moto nyaya na kujaza nafasi ya transfoma. Gawanya kW 100 kwa kVA 143, upate 0.7: hiyo ndiyo pawa fakta ya kinu.

Kapasita hupokea nishati wakati ule ule mota inapoiachia, kisha huirudisha mota inapoihitaji. Ikiunganishwa sambamba na mota, safari hizo huishia humo humo kiwandani. Mota yenyewe haibadiliki; nafuu inaanzia pale kapasita ilipofungwa kuelekea kwenye transfoma.

Ukubwa wake hupatikana kwa hesabu ya pembetatu mraba. Toa kipeo cha pili cha 100 kwenye kipeo cha pili cha 143, tafuta kipeuo, utapata kVAr 102. Lengo likiwa pawa fakta ya 0.95, kinu kitahitaji kVA 105 tu, na kwa hesabu hiyo hiyo kVAr zitabaki 33. Kapasita zibebe 69 zilizobaki, kwa hiyo benki ya kVAr 70 inatosha. Kwa volti 400, mkondo kwenye waya mkuu utashuka kutoka ampea 206 hadi 152.

Lakini usiku kinu kikibaki na mota moja ya kW 15 inayohitaji kVAr 15, benki nzima itasukuma kVAr 55 za ziada kwenye gridi. Kinu kitarudi kwenye kVA 57 kwa kazi ya kW 15, na volteji itapanda. Ndiyo maana benki hugawanywa, tuseme vipande saba vya kVAr 10, na kidhibiti huwasha vinavyohitajika tu.

Kidhibiti husoma mkondo kupitia transfoma ndogo ya kupimia, ambayo lazima ikae kwenye waya mkuu, kabla ya tawi la kapasita. Fundi akiifunga upande wa mota, kidhibiti hakitaona kazi ya kapasita na kitaendelea kuongeza vipande. Dalili yake ni taa zote saba kuwaka huku mota moja tu ikizunguka.