Kodi Ikikatwa Kabla ya NSSF, Umepunjwa

Tuchukue mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanzania Bara, mwenye mshahara ghafi wa shilingi 800,000. Hiyo ndiyo namba ya juu kwenye hati yake ya mshahara, na ndipo hesabu inapoanzia.

Mstari wa kwanza wa makato ni NSSF. Mchango wake ni asilimia 10, yaani 80,000, na zinabaki 720,000. Kodi ya mapato, inayoandikwa PAYE, hukokotolewa kwenye hizo zilizobaki. Kwa kipato kati ya 520,000 na 760,000, kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kwake kinachozidi ni 200,000, hivyo kodi inakuwa 60,000. Mkononi anapata 660,000.

Kosa la kuchunguza ni kodi kupigwa kwenye mshahara ghafi. Kwa 800,000 kodi ingesomeka 78,000, na mfanyakazi angepoteza 18,000 kila mwezi, sawa na 216,000 kwa mwaka.

Angalia pia kama kuna makato ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake. Haupaswi kutoka kwenye mshahara wako.

Ukiona kasoro, peleka hesabu yako kwa mhasibu kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya hati. Kisha omba taarifa ya michango NSSF, kwa sababu fedha inaweza kukatwa kwako na isiwasilishwe.