Kwa Nini WhatsApp Hukataa Kusambaza Ujumbe kwa Makundi Mengi

Mkaazi akipokea tangazo la basari na kutaka kulipeleka kwa makundi manne ya kijiji, huenda akakuta simu inamruhusu kundi moja tu. Wengi hudhani bando imeisha au simu imeharibika. Sivyo. Hicho ni kizuizi kilichowekwa makusudi, na kilianza baada ya watu kuuawa.

Mwaka 2018, video iliyoonyesha watu wa pikipiki wakimnyakua mtoto ilienea nchini India. Asili yake ilikuwa filamu fupi ya kuwahamasisha wazazi, iliyotengenezwa Karachi, Pakistan, na mwishoni mtoto hurudishwa. Kabla ya kusambazwa, sehemu hiyo ya mwisho ilikatwa. Uvumi wa wezi wa watoto ukapita kutoka kundi hadi kundi, na wageni wakaanza kushambuliwa katika majimbo mbalimbali. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, umati uliwaua wanaume watano.

Mwezi huohuo WhatsApp ilianza kuweka neno Forwarded juu ya ujumbe uliosambazwa, ili mpokeaji ajue kwamba aliyemtumia si lazima awe ndiye aliyeuandika. Kampuni hiyo pia ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu angeweza kuyatumia ujumbe kwa mara moja: 20 duniani, na 5 nchini India. Kufikia Januari 2019, kikomo cha 5 kilikuwa cha dunia nzima. Wakati huo kundi moja lilichukua watu 256, kwa hivyo mtu aliyeweza kuwafikia watu 5,120 kwa kubofya mara moja alibaki na 1,280. Bado ni wengi, ndiyo maana masharti yaliendelea kukazwa. Siku hizi ujumbe ambao tayari umesambazwa unaweza kupelekwa kwa mazungumzo 5, lakini kundi liwe moja tu kati ya hayo.

Swali ambalo wananchi huuliza ni hili: ikiwa WhatsApp husema haisomi jumbe za watu, inajuaje kwamba ujumbe umesambazwa? Jibu ni kwamba hesabu husafiri na ujumbe wenyewe. Tuseme mama mmoja anaandika kwamba daraja limesombwa na maji. Hesabu ni sufuri. Jirani akiusambaza kwa kitufe cha mshale, hesabu huwa moja. Aliyepokea kwa jirani akiusambaza, huwa mbili. Inapofika hatua ya tano, mshale mmoja hugeuka miwili na maneno huwa Forwarded many times. Tangu Aprili 2020, wakati wa janga la korona, ujumbe wa aina hiyo hupelekwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Kampuni ilisema baadaye mwezi huo kwamba usambazaji wa jumbe hizo ulipungua kwa asilimia 70.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kinachohesabiwa ni urefu wa safari, si idadi ya waliousoma. Mtu akiandika uongo mwenyewe na kuutuma katika kundi la watu 1,024, hakuna mshale utakaoonekana. Vilevile habari ya kweli kuhusu daraja itabeba mishale miwili ikipita mikono mingi. Alama hiyo haisemi kwamba ujumbe ni uongo. Inasema kwamba umetoka mbali, na huenda aliyekutumia hamjui aliyeuandika.

Kizuizi chenyewe pia kina mianya. Anayenakili maneno na kuyabandika upya, au kupiga picha ya skrini, huanzisha hesabu kutoka sufuri. Aliyekataliwa kundi la pili anaweza kurudia kitendo mara ya pili, ya tatu na ya nne. Lakini kurudia kunachosha, na hiyo ndiyo faida yake. Watafiti waliochunguza makundi ya wazi nchini Brazili, India na Indonesia waliona mwaka 2019 kwamba vikomo huchelewesha sana ujumbe, ingawa ule unaoenea kwa kasi kubwa bado huwafikia wengi. Saa chache za kuchelewa zinaweza kumtosha chifu au afisa wa afya kutoa taarifa sahihi kabla umati haujakusanyika.

Kwa hivyo ukiona mishale miwili, muulize aliyekutumia ameipata wapi. Akijibu "nimetumiwa tu", basi naye hajui, na tangazo la basari lithibitishwe katika ofisi ya wadi, hasa likitaka utume pesa au nambari ya kitambulisho. Na ukipokea ujumbe wa kutisha usio na mshale wowote, kutoka kwa mtu ambaye si kawaida yake kuandika maneno marefu hivyo, kuna uwezekano kwamba ameunakili mahali fulani.