Herufi Zinazosinyaa Zenyewe

Mzee mmoja aliyekaa safu ya nne ndiye aliyeniletea somo hili. Ulikuwa mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha akiba na mikopo, nami nilikuwa nimeombwa kumsaidia mhazini kupanga slaidi zake. Ajenda ilisomeka vizuri, mapato yakasomeka vizuri. Tulipofika kwenye mikopo iliyochelewa kurejeshwa, mzee akainua mkono. “Mheshimiwa mwenyekiti, hapo kwenye madeni mbona mmetuandikia kwa siri?”

Ukumbi ukacheka, mhazini akaona haya. Hakuwa ameficha kitu. Hakuwa hata amegusa ukubwa wa herufi, na hapo ndipo kosa lilipokuwa, kwa sababu PowerPoint ilikuwa imeugusa kwa niaba yake.

Kisanduku kikubwa cha maandishi katika slaidi ya PowerPoint huja kikiwa kimewekewa mpangilio unaoitwa “Shrink text on overflow”. Maana yake ni kwamba maandishi yakizidi nafasi, programu huyapunguza mpaka yaenee. Mwandishi haulizwi. Anaendelea kuandika na kila kitu kinaonekana kimekaa sawa, na hiyo ndiyo hila yake: pale ambapo angepaswa kuona maandishi yakimwagika nje ya kisanduku akajua ameandika mno, haoni chochote.

Tuchukue kiolezo cheupe cha kawaida chenye fonti ya Calibri, ambacho wengi wetu tumekitumia. Hoja ya ngazi ya kwanza huandikwa kwa pointi 28, ya pili kwa 24, ya tatu kwa 20. Kisanduku chake kina kimo cha sentimita 12 hivi. Ukihesabu nafasi kati ya mistari, hoja nane zenye mstari mmoja mmoja zinaenea. Ya tisa haienei. Unapoiandika, programu hubana kwanza nafasi kati ya mistari, kisha hushusha herufi kwa ngazi: asilimia 92.5 ya ukubwa wa awali, halafu 85, halafu 77.5, halafu 70, na kuendelea chini. Pointi 28 zinakuwa karibu 26, kisha karibu 24, kisha chini ya 22, kisha 19.6.

Hesabu hiyo hufanywa na kila kisanduku peke yake. Kisanduku hakijui kilichomo katika slaidi iliyotangulia, wala hakijui kilichomo katika kisanduku cha jirani kwenye slaidi hiyohiyo. Ndiyo maana ukiweka orodha mbili ubavu kwa ubavu, “faida” tano kushoto na “hasara” kumi kulia, zile za kulia zitakuwa ndogo kana kwamba hasara si jambo zito. Na ndiyo maana slaidi ishirini zilizoandikwa na mtu mmoja, kwa kiolezo kimoja, zinaweza kutoka na saizi tano tofauti ambazo hakuna aliyezichagua.

Slaidi ya madeni ya mhazini ilikuwa na hoja kumi na tatu. Jambo zito la mkutano ndilo lililokuwa na maelezo mengi, na lenye maelezo mengi ndilo lililosinyaa kuliko yote. Baada ya mkutano tulilifungua faili lenyewe. Faili la `.pptx` kwa kweli ni furushi la zipu lenye mafaili madogo ndani yake, na katika faili la slaidi ile tulikuta mstari huu:

```
<a:normAutofit fontScale="70000" lnSpcReduction="20000"/>
```

Yaani herufi ziko kwenye asilimia 70, na nafasi kati ya mistari imepunguzwa kwa 20. Mapato yalikuwa na hoja nane, yakabaki na pointi zake 28 kamili. Slaidi ya mali za chama ilikuwa na hoja tisa, ikashuka ngazi moja tu, kiasi ambacho jicho halitambui mara moja bali linahisi kwamba kitu kimecheza.

Sasa tazama ukutani. Slaidi pana ya kawaida ina kimo cha pointi 540. Pazia la ukumbi wetu lilikuwa na kimo cha mita moja na nusu hivi, kwa hiyo fonti ya pointi 28 ilichukua kama sentimita 7.8 za pazia kutoka juu hadi chini, na ile ya 19.6 ikachukua 5.4. Herufi ndogo kama “a” na “e” ni karibu nusu ya kipimo hicho. Mzee wa safu ya nne alikuwa akitafuta kusoma herufi zisizofika sentimita tatu, zilizobanana, juu ya pazia lililoingiwa na mwanga wa dirisha.

Udogo si madhara pekee. Ukubwa wa herufi ni lugha: kikubwa ni hoja, kidogo ni maelezo ya hoja. Kusinyaa hushusha ngazi zote za kisanduku kwa kiwango kimoja, hivyo katika slaidi ya madeni hoja kuu ilikuwa na pointi 19.6, takriban sawa na ngazi ya tatu katika slaidi isiyosinyaa. Msikilizaji aliyezoeshwa na slaidi ya mapato kwamba maandishi ya kimo kile ni ufafanuzi wa ufafanuzi, anafika kwenye madeni na kuambiwa bila maneno kwamba haya nayo ni ya pembeni. Swali la mzee halikuwa utani mtupu.

Kiswahili nacho kina mchango wake. Katika kisanduku hiki mstari wa pointi 28 hubeba herufi hamsini na kitu hivi, na maneno yetu ni marefu. “Waliochelewesha” au “hawajakamilisha” likikosa nafasi mwisho wa mstari, linashuka zima, kwa kuwa PowerPoint haikati maneno kwa kistari. Neno moja lililoshuka linazaa mstari mzima, na mstari huo unaweza kuwa ndio wa tisa. Anayetafsiri slaidi za Kiingereza kwa kuandika juu yake hupata hali hii mara kwa mara: slaidi zilizokuwa sawa zinatoka zikiwa na vimo tofauti, kila moja kwa kadiri tafsiri yake ilivyorefuka.

Wengi hujaribu kurekebisha kwa kupita slaidi moja moja na kuandika saizi kwa mkono. Inasaidia mpaka mtu aongeze mstari mmoja, kwa sababu mpangilio wa kusinyaa bado uko hai ndani ya kisanduku. Dawa ni kuuzima. Nenda “View”, kisha “Slide Master”, uchague slaidi ya juu kabisa iliyo kubwa kuliko nyingine. Bofya kisanduku cha maandishi, fungua “Format Shape”, na katika sehemu ya “Text Box” uchague “Do not Autofit”. Kisha zima pia tabia ya programu yenyewe: “File”, “Options”, “Proofing”, “AutoCorrect Options”, na katika ukurasa wa “AutoFormat As You Type” uondoe alama kwenye “AutoFit body text to placeholder” na kwenye ile inayohusu kichwa. Angalia jambo moja hapa: uamuzi huu wa pili unakaa kwenye kompyuta yako, hausafiri na faili. Mwenzako akilifungua kwake na kuongeza mistari, kwake herufi zinaweza kusinyaa kama zamani.

Slaidi zilizokwisha kusinyaa kabla ya hapo zinabaki na agizo lao, kwa hiyo kila kisanduku cha namna hiyo nacho kiwekewe “Do not Autofit”. Kuvitambua si kazi: fungua mwonekano wa “Slide Sorter” unaopanga slaidi zote kama vipicha, na zile zilizobanana zitajitokeza zenyewe.

Ukishazima, maandishi yatamwagika nje ya kisanduku. Usishtuke, hiyo ndiyo habari uliyokuwa ukinyimwa. Wengi hapo hukimbilia kushusha saizi ya kiolezo kizima kutoka 28 hadi 24. Walau hiyo inawaweka wote sawa, nami siipingi ikiwa ukumbi ni mdogo. Lakini hesabu yake ni ya ubahili: kwa hoja za mstari mmoja mmoja, kisanduku kilichobeba nane kwa pointi 28 kinabeba tisa kwa pointi 24. Umepunguza kila herufi ya wasilisho lote ili upate mstari mmoja. Unafuu kidogo hupatikana pale tu ambapo sentensi zilizokuwa mistari miwili zinajikunja kuwa mmoja.

Kwa mhazini tulifanya vingine. Tulikaa na zile hoja kumi na tatu tukaziuliza moja moja kazi yake. Mbili zilirudia kichwa cha slaidi kwa maneno mengine, zikafutwa. Nne zilieleza historia ya kanuni ya mikopo, mambo ambayo mhazini angeyasema kwa mdomo hata hivyo, zikahamia kwenye “Notes” chini ya slaidi. Zilibaki saba, zikaenea kwa pointi 28 na nafasi ikasalia. Orodha ya kina ya matawi, ambayo wajumbe wangetaka kuipitia kwa kidole, ikapigwa chapa kwenye karatasi, kwa maana jedwali la safu nyingi halijawahi kusomeka ukutani kwa saizi yoyote. Kama zingebaki kumi, tungegawa slaidi mbili zenye kichwa kimoja, ya pili ikiandikwa “inaendelea”. PowerPoint ina hata kitufe chake: alama ndogo inayotokea pembeni mwa kisanduku maandishi yanapozidi ina chaguo la “Split Text Between Two Slides”. Huwa inagawa bila kuelewa maana, kwa hiyo pitia mahali ilipokata.

Kichwa cha slaidi kina ukorofi wake mdogo. Kwa kawaida hushushwa mara moja tu, hadi asilimia 90, kisha programu huacha. Pointi 44 zinakuwa 39.6, na vichwa viwili vinavyofuatana vinaonekana kama vimeruka. Hapa hakuna ufundi. Fupisha kichwa.

Tulipomaliza, mhazini alipokea slaidi mbili kutoka kwa katibu asubuhi ya mkutano uliofuata, akazibandika katikati ya zake. Zote mbili zilikuja na agizo lao la kusinyaa ndani, kwa sababu agizo hilo huandikwa kwenye kisanduku na husafiri nacho. Alizigundua kwenye vipicha, akazima, maandishi yakamwagika, akampigia katibu simu kumwuliza afute zipi.