Swali Moja Kabla ya Kengele

Mwalimu anayefunga kipindi cha mzunguko wa miamba kwa kuuliza "Mmeelewa?" huitikiwa "Ndiyo, mwalimu!" na darasa zima, pamoja na wale ambao hawajaelewa kitu. Ndiyo maana baadhi ya walimu wameacha kuuliza hivyo. Zikibaki dakika tano kengele ilie, wanaandika swali moja ubaoni, wanagawa karatasi ya daftari iliyokatwa vipande vinne, na kila mwanafunzi anajibu peke yake, kimya. Anamkabidhi mwalimu kipande chake mlangoni, ndipo anatoka. Hakuna maksi. Jina huandikwa ili tu mwalimu ajue kesho aanze na nani.

Utaratibu huo ni mwepesi. Kazi iko kwenye swali lenyewe, na kwa somo la miamba, swali ambalo wengi hulikimbilia ni baya: "Taja aina tatu za miamba." Mwanafunzi ataandika miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geu, kwa sababu majina hayo bado yako ubaoni au kichwani kama wimbo. Mwalimu atarudi nyumbani na vipande sitini vilivyo sahihi, asijue kama kuna hata mmoja aliyeuona mzunguko. Mzunguko uko kwenye mabadiliko: mwamba mmoja unageukaje kuwa mwingine, na kwa njia ipi. Huko ndiko wanafunzi wanakokwama, tena hukwama mahali palepale mwaka hadi mwaka.

Kosa kubwa kuliko yote hutokana na mchoro wa kitabuni. Mishale imepangwa kwenye duara: magma inapoa na kuwa mwamba wa moto, mwamba wa moto unavunjika na kuwa mwamba tabaka, mwamba tabaka unakandamizwa na kupashwa joto hadi unakuwa mwamba geu, mwamba geu unayeyuka na kurudi kuwa magma. Mwanafunzi akilitazama duara hilo anaamini kwamba kila mwamba lazima upite kila kituo kwa zamu, bila kuruka. Si kweli. Mwamba wa aina yoyote unaweza kumomonyoka ukawa mashapo, na unaweza kuzama chini ukakandamizwa na joto bila kupitia kwingine kwanza. Hata mwamba wa moto unaweza kuyeyuka tena ukawa mwamba wa moto mwingine.

Kwa mwalimu wa Morogoro, mfano upo nje ya dirisha. Milima ya Uluguru imejengwa kwa sehemu kubwa na naisi, mwamba geu wenye mistari myeupe na myeusi, uliopikwa kwa joto na mgandamizo chini kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima hiyo na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, ukiwa umebeba mchanga na matope njia nzima. Swali la mlangoni linaweza kuwa hili:

"Chembe za naisi ya Uluguru zimebebwa na Mto Ruvu hadi pwani, zikarundikana na kufukiwa kwa miaka mingi sana. Zinaweza kuwa mwamba wa aina gani? Chagua jibu moja, kisha andika sentensi moja kueleza sababu.
A. Mwamba tabaka, bila naisi kuyeyuka.
B. Mwamba tabaka, lakini naisi lazima iyeyuke na kuwa mwamba wa moto kwanza.
C. Mwamba geu, kwa kuwa zimetoka kwenye mwamba geu.
D. Mwamba wa moto, kwa kuwa jua la pwani ni kali."

Jibu ni A. Lakini tazama majibu mengine matatu: hakuna hata moja lililowekwa kujaza nafasi. Anayechagua B amefungwa na duara la kitabuni. Anayechagua C anadhani aina ya mwamba hurithiwa kama ukoo, wakati inatokana na jinsi mwamba ulivyotengenezwa mara ya mwisho. Anayechagua D anachanganya joto la jua na joto la kuyeyusha mwamba. Miamba mingi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 700 hadi 1200 za Selsiasi, na hakuna ufukwe unaofika huko. Swali zuri la kutokea lina sifa hiyo: kila jibu la makosa linamwambia mwalimu kosa ni lipi.

Ile sentensi ya sababu ni ya lazima. Kwenye machaguo manne, anayebahatisha ana nafasi moja kati ya nne ya kupata. Isitoshe, mtu anaweza kuchagua A na kuandika, "Kwa sababu miamba tabaka inapatikana pwani." Amepata herufi, mzunguko hajaupata. Mwingine anaandika, "Mchanga ukigandamizwa unashikana, hauhitaji moto." Huyu ameelewa, hata kama hakutumia msamiati wa kitabu. Na hapa nina msimamo: kwenye sekondari ambako jiografia hufundishwa kwa Kiingereza, sababu iruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili. Mwalimu anatafuta kujua kama mtoto ameielewa miamba. Akilazimisha Kiingereza, atapokea sentensi mbovu asiweze kutofautisha aliyeshindwa lugha na aliyeshindwa somo.

Vipande vikishakusanywa, havisahihishwi kimoja kimoja. Vinapangwa mafungu mezani kwa herufi, na A zenye sababu potofu zinatengwa pembeni. Tuseme darasa la 60 limetoa A 31, B 19, C sita na D wanne. Kurudia somo zima kungewachosha wale walioelewa, na huenda B wangelipata duara lilelile kwa mara ya pili. Dawa yao ni mchoro mwingine: aina tatu zichorwe kama pembe za pembetatu, magma katikati, na mishale ipite kila upande, kwenda na kurudi. Dakika kumi zinatosha. Wa C wapewe konzi ya mchanga wa mto na waulizwe kama wanaiona mistari ya naisi humo. Wa D ni wachache, wanaweza kuelezwa pembeni wenzao wakiwa wanachora.

Fungu moja likizidi nusu ya darasa, lawama iangukie kwanza kwenye swali au kwenye kipindi. Mara nyingi ni neno lililotatiza, mfano "kufukiwa" kueleweka kama kuzikwa kwa mkono. Nalo swali la kutokea lina mpaka wake: linaonyesha kilichobaki kichwani dakika chache baada ya kufundishwa, basi. Kitakachobaki baada ya wiki tatu ni habari nyingine.

Kwa hiyo B wanahitaji kuulizwa tena, kwa sura tofauti, kwa kuwa herufi A sasa wanaijua. Mwalimu wa Mwanza angetumia graniti, mwamba wa moto unaounda majabali ya Ziwa Victoria, likiwemo Jiwe la Bismarck: "Graniti ikizama ndani sana ya ardhi, ikapashwa joto na kukandamizwa bila kuyeyuka, itakuwa nini? Je, lazima iwe mwamba tabaka kwanza?" Jibu ni naisi, yaani mwamba geu, na hapana, si lazima. Mwanafunzi aliyekosa la Ruvu akapata la graniti, na sababu yake ikasimama, ameshatoka kwenye duara. Aliyekosa yote mawili aitwe na mchoro wake mkononi, aonyeshe kwa kidole mshale anaodhani hauwezi kurukwa.