Floraidi 1.6 Inaposomeka 1.44

Katika miteremko ya Mlima Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, meno yenye madoa ya kahawia ni alama ya maji yenye floraidi nyingi. Miamba ya volkano huiachia floraidi iingie majini. Maji hayo mara nyingi yamejaa sodiamu na bikabonati huku kalsiamu ikiwa haba, kwa hiyo hakuna cha kuikamata floraidi na kuituamisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kisima chenye 1.4 kimepita, chenye 1.6 hakijapita.

Sasa tuchukue maji ya kisima ambayo kwa hakika yana miligramu 1.6 kwa lita. Mpimaji anatumbukiza elektrodi ya floraidi, anasoma namba, anaandika 1.44. Elektrodi ni nzima, myeyusho sanifu aliolinganishia kipimo ulitengenezwa kwa uangalifu, na mkono wake haukutetereka. Hata hivyo kisima kimepitishwa kimakosa. Chanzo ni chumvi nyingine zilizomo katika maji hayo, ambazo hazina hata chembe ya floraidi.

Kiini cha elektrodi hiyo, ambayo Frant na Ross waliielezea mwaka 1966, ni kipande cha fuwele ya floraidi ya lanthani. Floraidi iliyomo majini hukutana na uso wa fuwele na kuzalisha volti. Katika nyuzi joto 25, kila floraidi inapoongezeka mara kumi, volti hubadilika kwa takriban milivolti 59. Kifaa hubadilisha milivolti hizo kuwa miligramu kwa kuzilinganisha na myeyusho sanifu ambao kiasi chake kinajulikana. Lakini fuwele haina namna ya kuhesabu ioni. Inachohisi ni msukumo wa ioni, yaani jinsi zilivyo tayari kuingia katika mmenyuko. Wanakemia huuita msukumo huo utendaji, na ndio unaoamua volti, kasi ya baadhi ya mimenyuko, na kiasi cha chumvi kitakachoyeyuka. Ukolezi ni kitu kingine: ni hesabu ya ioni zilizomo katika lita moja, ziwe huru au zimebanwa.

Gilbert Lewis, mwanakemia wa Marekani, ndiye aliyeleta wazo la utendaji mwaka 1907. Utendaji hupatikana kwa kuuzidisha ukolezi na namba moja, kizidisho cha utendaji, inayoandikwa γ. Maji yakiwa hayana chumvi nyingine na ioni zikiwa chache mno, γ inakaribia 1, na hapo utendaji na ukolezi havitofautiani. Chumvi zikiongezeka, γ hushuka. Kwa miaka mingi γ ilikuwa namba ya kupimwa tu; hakuna aliyeweza kuikokotoa kabla ya kuingia maabara.

Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 1921. Lewis na mwenzake Merle Randall walikuwa wamekusanya vipimo vya chumvi nyingi, wakaona jambo la kushangaza: katika myeyusho hafifu, γ ya ioni haijali sana ni chumvi gani imeongezwa. Inajali jumla ya chaji iliyomo. Wakaipa jumla hiyo jina la nguvu ya ioni, na kanuni yake ni fupi:

I = ½ Σ c z²

Maana yake ni kwamba unachukua kila ioni iliyomo majini, unazidisha ukolezi wake na mraba wa chaji yake, unajumlisha zote, kisha unagawa kwa mbili. Mraba ndio unaohitaji kuangaliwa. Ioni yenye chaji mbili, kama salfeti au kalsiamu, inahesabiwa mara nne ya sodiamu iliyo katika ukolezi uleule. Ndiyo maana kiasi kidogo cha salfeti kinaweza kubadilisha hesabu kuliko mtu anavyotarajia.

Turudi kisimani. Tuseme lita moja ina milimoli 9.5 za sodiamu, milimoli 6.5 za bikabonati, milimoli 2 za kloraidi na milimoli 0.5 za salfeti. Chaji chanya ni 9.5. Chaji hasi ni 6.5 na 2 na, kwa kuwa salfeti ina chaji mbili, 1 nyingine, jumla 9.5, kwa hiyo uchambuzi umekaa sawa. Nguvu ya ioni ni nusu ya 9.5 + 6.5 + 2 + 2, yaani nusu ya 20, ambayo ni milimoli 10 kwa lita, au moli 0.010. Floraidi yenyewe, miligramu 1.6, ni chini ya milimoli 0.1, na haiongezi chochote cha maana. Imezungukwa na umati wa ioni ambazo si za jamii yake.

Je, umati huo unaifanya nini floraidi? Jibu lilitolewa Zürich mwaka 1923 na Mholanzi Peter Debye na msaidizi wake Mjerumani Erich Hückel. Walianza na jambo ambalo kila mwanafunzi analijua: chaji zinazotofautiana huvutana, zinazofanana husukumana. Ioni ya floraidi ina chaji hasi. Ukiitazama kwa muda, utaona kwamba karibu yake sodiamu hupita mara nyingi zaidi kidogo, na bikabonati hupita mara chache zaidi kidogo. Hakuna sodiamu iliyogandamana nayo, kwa kuwa joto linazirusha ioni zote huku na huku. Lakini kwa wastani floraidi imezungukwa na wingu jembamba la chaji chanya, na wingu hilo linaivuta na kuituliza. Ioni iliyotulizwa hivyo ina msukumo mdogo wa kwenda kwenye fuwele ya elektrodi. Utendaji wake umepungua, ingawa hakuna ioni hata moja iliyotoweka.

Ustadi wa Debye na Hückel ulikuwa kukokotoa unene wa wingu hilo. Katika maji ya nyuzi 25, unene kwa nanomita ni 0.304 ukigawa kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya ioni. Kisimani kwetu, ambapo nguvu ni 0.010, kipeuo ni 0.1 na wingu lina unene wa nanomita 3 hivi. Maji yakizimuliwa mara mia, linatanuka hadi nanomita 30. Wingu lililo mbali lina mvuto dhaifu. Lililosogea karibu lina mvuto mkali. Kwa kuwa ukaribu wake unafuata kipeuo cha nguvu ya ioni, upungufu wa msukumo nao unafuata kipeuo hicho hicho. Chaji ya ioni inaingia mara mbili, kwanza kwa kulijenga wingu, kisha kwa kuvutwa nalo, kwa hiyo inajitokeza kama mraba. Matokeo ni kanuni ya kikomo:

log γ = −0.509 z² √I

Namba 0.509 haikubuniwa ili vipimo vikubali. Inatokana na joto, chaji ya elektroni, na uwezo wa maji kudhoofisha mvutano wa chaji. Ndilo jambo ninaloliheshimu zaidi katika kazi hii: kipimo cha myeyusho kilitabiriwa kutokana na tabia za maji na umeme peke yake. Mwaka uliofuata Brønsted na La Mer waliijaribu kwa chumvi za kobalti zisizoyeyuka kwa urahisi, wakakuta zinayeyuka zaidi katika maji yenye chumvi nyingine, kwa kiasi ambacho kanuni ilikuwa imeagiza.

Tuitumie. Chaji ya floraidi ni 1, kipeuo cha 0.010 ni 0.1, kwa hiyo log γ ni −0.0509, na γ ni 0.889. Myeyusho sanifu uliotengenezwa kwa maji yaliyokenekwa una chumvi yake ya floraidi tu. Γ yake ni takriban 0.989. Kifaa kimefundishwa katika mazingira ya 0.989, kisha kikapelekwa kwenye 0.889. Kwa hiyo 1.6 inasomeka 1.6 × 0.889 ÷ 0.989, ambayo ni 1.44. Kwa milivolti, hitilafu nzima haifiki 3.

Kanuni hii ina mpaka, na jina lake linautaja: ni kweli kamili pale tu ukolezi unapokaribia sifuri. Inazihesabu ioni kana kwamba ni nukta zisizo na ukubwa, na maji kana kwamba hayana chembechembe. Kwa chumvi ya mezani yenye nguvu ya ioni 0.001, kanuni inatoa 0.964 na vipimo vinatoa 0.965. Kwenye 0.01 inatoa 0.889 dhidi ya 0.90 iliyopimwa. Kwenye 0.1 inatoa 0.69 wakati ukweli ni 0.78, na hapo haifai tena. Maji ya bahari, yenye nguvu ya takriban 0.7, yako nje kabisa: kanuni ingetoa 0.38, ilhali γ ya chumvi kwa ukolezi huo inakaribia 0.67. Kwa kisima chetu, marekebisho yanayozingatia ukubwa wa ioni yanapandisha γ hadi karibu 0.90, na usomaji unakuwa 1.46. Hukumu ya kisima haibadiliki.

Maabara makini hayakokotoi γ kwa kila kisima. Yanachanganya sampuli na kiasi sawa cha myeyusho wenye chumvi nyingi, kwa kawaida kloraidi ya sodiamu ya moli 1 kwa lita pamoja na asetati, na yanafanya vivyo hivyo kwa myeyusho sanifu. Chumvi hiyo inaizidi kwa mbali ile ya kisima, hivyo nguvu ya ioni inakuwa karibu sawa pande zote na γ moja inafutana na nyingine, hata kama hakuna anayeijua thamani yake. Asetati inaiweka pH kwenye 5 hadi 5.5, kwa sababu chini zaidi floraidi hujifunga na hidrojeni, na kwenye pH ya juu haidroksaidi huidanganya fuwele. Huongezwa pia kemikali ya kuikamata aluminiamu, ambayo nayo huificha floraidi.

Mchanganyiko huo usipotumika, kuna njia ya kugundua. Zimua sampuli mara kumi kwa maji yaliyokenekwa, pima, kisha zidisha kwa kumi. Kisima chetu kitatoa takriban 1.56 badala ya 1.44, kwa kuwa wingu limetanuka na floraidi imepata msukumo wake. Namba inayopanda ukizimua ni dalili kwamba kifaa kimesoma utendaji na karatasi ikauandika kama ukolezi.

Ukiletewa matokeo ya floraidi ya kisima cha kijiji chako, hasa yaliyo kati ya 1.3 na 1.5, uliza swali moja kabla ya kuyakubali: je, myeyusho wa kusawazisha ioni uliongezwa kwenye sampuli na kwenye myeyusho sanifu pia? Jibu likiwa hapana, omba kipimo kirudiwe.